Maazimio ya kikao cha kamati ya maji, 14 Februari 2026: nani afanye nini, na lini

Kwa: Wajumbe wote wa kamati ya jumuiya ya watumia maji na wenyeviti wa vitongoji
Kutoka: Katibu
Tarehe: Jumanne, 24 Februari 2026

Ndugu wajumbe, salaam.

Muhtasari wa kikao chetu mmeshaupata kwenye kundi letu la wasapu. Ni faili la PDF la kurasa 34, na nafahamu kwamba wengi wenu mnalifungulia kwenye simu ndogo yenye bando la kuhesabu. Nimelisoma lote mara mbili nikatoa kila jambo ambalo kamati ililiamua, aliyekabidhiwa, na siku ya kuulizwa. Namba za kurasa nimeziweka kwenye mabano ili anayetaka kuhakiki aende moja kwa moja.

Kwanza lile linalosemwa vibaya huko mitaani. Bei ya maji haijapanda. Ndoo ya lita 20 kwenye kilula bado ni shilingi 25. Kamati ilijadili pendekezo la shilingi 30 (uk. 21 hadi 25), ikakubaliana jambo moja tu: pendekezo lifikishwe kwenye mkutano mkuu, watumia maji wenyewe waseme. Mhudumu yeyote anayetoza 30 leo anatoza bila idhini, na mwenyekiti wa kitongoji chake anaombwa amzuie leo hii.

Tarehe za kushika ni hizi:

| Siku | Kazi | Wa kuulizwa |
|---|---|---|
| Alhamisi 26 Februari | Kulipia mabomba ya korongoni | Mhazini |
| Jumatatu 2 Machi | Kilula cha shule kufunguliwa. Makusanyo kuanza kupelekwa benki kila Jumatatu | Mwenyekiti (shule), Mhazini (benki) |
| Ijumaa 6 Machi | Kupima mita ya kilula namba 4 | Fundi Mkuu |
| Jumatatu 9 Machi | Sampuli za maji kufika RUWASA wilaya | Katibu |
| Alhamisi 12 Machi | Kupima mpaka wa chanzo | Makamu Mwenyekiti |
| Jumamosi 14 Machi | Msaragambo korongoni, saa 1 asubuhi | Wenyeviti wa vitongoji |
| Jumamosi 28 Machi | Mkutano mkuu wa watumia maji | Mwenyekiti |
| Jumamosi 11 Aprili | Kikao kijacho cha kamati | Katibu |

Bomba la korongoni (uk. 8 hadi 12, na tena uk. 19)

Hili ndilo la haraka kuliko yote. Mafuriko ya mwaka jana yalifukua bomba pale linapokatisha korongo, na sasa linaning'inia juu ya mawe. Masika yakianza kabla hatujalishughulikia, vitongoji vyote vya chini vitakosa maji. Kamati iliamua kipande hicho cha mita 120 kiwe cha chuma, inchi 3, kifungwe kwenye nguzo za zege.

Muhtasari unajipinga hapa. Ukurasa wa 11 unasema mabomba 18, ukurasa wa 19 unasema 20. Bomba moja lina mita 6, kwa hiyo mita 120 zinataka mabomba 20. Nilimpigia Fundi Mkuu, naye amethibitisha kwamba 18 ni makosa ya kuandika. Kwa bei ya shilingi 215,000 kila moja, ambayo ni ya chini kati ya nukuu tatu zilizoletwa, jumla ni shilingi 4,300,000. Fedha zinatoka akaunti ya matengenezo, na sahihi ni za Mwenyekiti na Mhazini. Naomba tusahihishe ukurasa wa 11 kabla muhtasari haujathibitishwa tarehe 11 Aprili, maana mkaguzi akikuta idadi mbili atauliza mabomba mawili yamekwenda wapi.

Kuchimba mashimo ya nguzo ni kazi ya msaragambo. Kila kitongoji kilete watu 10 na majembe, na wenyeviti wapeleke majina kwa Fundi Mkuu ifikapo Jumatano 11 Machi.

Kilula namba 4 (uk. 14 hadi 18)

Wajumbe ambao hawakuwepo wasome kurasa hizi zote tano, hata kama wataacha nyingine. Mita ilionyesha kwamba Januari kilula hiki kilitoa uniti 214, yaani shilingi 267,500. Zilizopelekwa ni 198,750. Pungufu ni 68,750. Kulikuwa na hoja kwamba mhudumu aondolewe siku ileile.

Mama huyo aliitwa akasimama mbele ya kamati. Alisema kwamba asubuhi ya siku za mgawo, kabla maji hayajafika, bomba hutoa upepo kwa muda mrefu, na mshale wa mita huzunguka wakati ndoo iko tupu. Fundi Mkuu aliulizwa kama jambo hilo linawezekana. Alijibu ndiyo, mita hizi huhesabu hewa kama zinavyohesabu maji, na mtandao wetu hujaa hewa kila tunapofunga na kufungua valvu.

Uamuzi wa kamati: mhudumu anaendelea na kazi, na hadaiwi chochote mpaka mita ipimwe. Kipimo kifanyike alfajiri ya siku ya mgawo, kilula kikiwa hakijafunguliwa. Namba ya mita isomwe, upepo uachwe utoke hadi maji yaje, isomwe tena, halafu zijazwe ndoo 10 za lita 20, isomwe mara ya tatu. Ndoo 10 ni lita 200, kwa hiyo kati ya usomaji wa pili na wa tatu namba isogee uniti 0.2. Iliyosogea kati ya usomaji wa kwanza na wa pili ni upepo mtupu. Fundi Mkuu apime, Mhazini aandike, na mhudumu mwenyewe awepo aone kwa macho yake. Taarifa ya maandishi inifikie Jumatatu 9 Machi.

Nawaomba wenyeviti wa vitongoji, neno "mwizi" lisitajwe kwenye foleni ya maji. Kamati haikulitamka. Kama mita ndiyo yenye kosa, tutakuwa tumemvunjia heshima mtu anayeamka saa 10 usiku kwa ajili yetu, na vilula vingine vya mstari uleule vitahitaji kuhesabiwa upya. Fundi Mkuu alikubali pia kuleta bei ya valvu ya kutolea hewa kwenye kikao cha 11 Aprili.

Pamoja na hilo, kwa vilula vyote: kuanzia Jumatatu 2 Machi fedha za wiki zinakwenda benki kila Jumatatu, na hati ya benki inapigwa picha na kutumwa kwa Mhazini. Hakuna fedha ya jumuiya kulala nyumbani kwa mtu, iwe kwa mhudumu au kwa mjumbe.

Chemchemi ya pili (uk. 26 hadi 29)

Wajumbe wanne walitaka iunganishwe mara moja kwa sababu maji yake ni meupe na matamu. Kamati ilikataa kuiunganisha kabla ya vipimo. Huku kwetu kwenye miteremko ya Meru tatizo la maji mara nyingi halionekani kwa jicho. Madini ya floraidi hayana rangi wala ladha ya kutambulika, na kuchemsha hakuyaondoi. Kila mmoja wetu anawajua watoto wenye meno ya kahawia, na wazee ambao mifupa imekakamaa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo, hatuunganishi.

Kazi hii ni yangu. Nitachukua sampuli mbili, moja chemchemi ya pili na moja tangi kuu, nizifikishe RUWASA wilaya 9 Machi ili zipelekwe maabara. Sampuli ya tangi ni kwa ajili ya klorini na vimelea pia. Majibu yakija nitayatuma kama yalivyo, ukurasa mzima, si kwa kusimulia.

Chanzo chetu cha zamani (uk. 30 na 31)

Sheria inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kuna shamba la viazi limeingia ndani. Kamati iliamua mwenye shamba aruhusiwe kuvuna kilichopo, asipande tena. Makamu Mwenyekiti atapima mpaka kwa kamba akiwa na mtu wa serikali ya kijiji na mwenye shamba mwenyewe. Eneo litakaloachwa lipandwe mikuyu; mikaratusi hapana.

Shule ya msingi (uk. 13). Kilula kinafunguliwa tarehe 2 Machi, deni la shule lilipwe kwa awamu. Mwenyekiti akutane na Mwalimu Mkuu wapange awamu hizo kabla ya hapo. Wajumbe wote walikubali.

Mkutano mkuu (uk. 32). Tarehe ya kwanza ilikuwa Jumamosi 21 Machi, iangukie Wiki ya Maji. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba siku hiyo inaweza kuwa Idd, kutegemea mwezi utakavyoandama. Kikao kikahamishia Jumamosi 28 Machi, saa 4 asubuhi. Matangazo yabandikwe kila kilula ifikapo tarehe 14 Machi, na pendekezo la bei liandikwe humo wazi, bei ya zamani na mpya, ili mtu aje akiwa ameshapiga hesabu yake nyumbani.

Yaliyozungumzwa bila kuamuliwa

Nimeyatenga haya kwa makusudi, kwa sababu kwenye PDF yanasomeka kama maamuzi. Mlinzi wa tangi (uk. 20), malipo kwa simu (uk. 27) na uzio wa ofisi (uk. 33) yote yameandikwa "lifanyiwe kazi". Nimepekua kabla na baada ya kila sentensi hiyo, na hakuna jina wala tarehe. Sikutaka kumbandikia mtu kazi ambayo kikao hakikumpa, kwa hiyo nimeyaweka kuwa ajenda za mwanzo tarehe 11 Aprili. La mlinzi ningependa lisisubiri. Kufuli la mfuniko wa tangi limeliwa na kutu na mtu anaweza kulifungua kwa mkono. Fundi Mkuu, kama unaweza kununua kufuli jipya kutoka kwenye fedha ndogo za ofisi wiki hii, nijulishe nikuandikie hati ya malipo.

Aliyekuwepo akiona nimekosea uamuzi, jina au tarehe, anipigie kabla ya Ijumaa 27 Februari saa 10 jioni, anitajie na ukurasa. Jumamosi asubuhi nakala ya karatasi inabandikwa kwenye ubao wa ofisi na kwenye kila kilula.

Wenu katika huduma,
Katibu