Mpango wa Kuboresha Kazi: Mtunza Ghala, Duka la Vifaa vya Ujenzi, Lamu

Kwa: Athman, mtunza ghala
Kutoka kwa: Khadija, meneja wa duka
Tarehe: Jumatatu, 6 Julai 2026
Muda: wiki 12, hadi Jumapili, 27 Septemba 2026

Ndugu Athman,

Assalaam alaykum. Karatasi hii inafuata mazungumzo yetu mawili ya wiki iliyopita, na humu hakuna jambo ambalo hujalisikia kwa mdomo wangu kwanza. Si barua ya onyo, wala haihusu uaminifu wako. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu mali ya ghala ikipungua, watu wa mtaani huwa na midomo mirefu. Hakuna aliyetaja wizi hapa, na atakayetaja ataniletea ushahidi mimi.

Ulifanya kazi ya kupeleka mizigo kwa miaka mitatu bila lawama. Mwezi wa Desemba, Mzee Bakari alipostaafu, tulikukabidhi ufunguo wa ghala na daftari lake baada ya siku mbili tu za kuonyeshwa. Kwa ghala lenye aina 240 za bidhaa, siku mbili si mafunzo. Kosa hilo ni la ofisi, na sehemu kubwa ya mpango huu ni kulirekebisha. Lakini mambo manne hayawezi kuendelea yalivyo, na haya ndiyo.

Hali ilivyo sasa

La kwanza ni hesabu. Tulipohesabu mwisho wa Juni, aina 61 kati ya 240 hazikulingana na daftari. Nyingine zilipungua, nyingine zilizidi. Misumari ya inchi tatu ilizidi kwa katoni nne, na hilo linaonyesha kwamba tatizo ni kuandika. Tulipokaa ukanieleza kwamba wauzaji wa mbele huingia kuchukua mali mteja akiwa amesimama, wakasema "tutaandika baadaye", na baadaye haiji. Nilikaa kaunta siku mbili nikaona kwa macho yangu. Ni kweli.

La pili ni mizigo. Juni tulipeleka oda 48, na 11 zilichelewa au zilifika pasipo pake. Nimezipitia moja moja. Nne si zako: mbili lori lilikwama njiani, moja mashua ilingojea maji kujaa, na moja mwenye punda hakutokea. Zilizobaki ni saba. Kubwa kuliko zote ni mifuko 20 ya saruji iliyoshushwa Langoni kwa Bwana Ali, wakati aliyelipa ni Bwana Ali wa Mkomani. (Mjini kwetu kina Bwana Ali ni wangapi? Jina peke yake si anwani.)

La tatu ni saruji. Mifuko 14 iliganda wakati wa mvua za masika. Sita ilikuwa chini ya bati linalovuja, na bati ni letu. Minane ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuupitisha kwenye mfuko. Tena ilikuwa mizigo ya zamani iliyofichwa nyuma ya mipya.

La nne ni kufungua. Ghala hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Juni lilichelewa siku sita, na zote zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Sababu ya nyumbani uliyonieleza nimeielewa. Sitaiandika hapa, na sitaisema kwa mtu yeyote bila ruhusa yako.

Tutakachokufanyia sisi

Naanza na upande wetu, kwa sababu baadhi ya malengo yako hayawezekani mpaka sisi tutimize haya.

Mzee Bakari amekubali kuja asubuhi mbili kwa wiki, kwa wiki nne za kwanza, na duka ndilo litakalomlipa. Haji kukukagua. Anakuja kuhesabu pamoja nawe na kukuonyesha alivyokuwa akipanga daftari lake, maana lile daftari lilikuwa na alama ambazo yeye pekee alizielewa. Muulize yote, hata lile unaloona aibu kuliuliza. Hataniletea ripoti yoyote.

Kuanzia leo hakuna mali inayotoka ghalani bila kikaratasi chenye jina la bidhaa, idadi na saini ya muuzaji. Nimewaambia wauzaji wote wawili. Ukimnyima mtu mali kwa kukosa kikaratasi, hata mteja akinung'unika, mimi niko upande wako. Hata mimi nikija mikono mitupu, ninyime.

Bati litabadilishwa kabla ya Jumamosi, 18 Julai. Fundi wa mbao ataleta chaga sita ndani ya wiki hiyo hiyo ili saruji isilale tena sakafuni.

Siku za mashua, ambazo kwa kawaida ni mbili kwa wiki, umekuwa ukitakiwa gatini kupokea mzigo kutoka Mokowe na wakati huo huo uwe ghalani kutoa mali. Mtu hagawanyiki. Siku hizo utapata msaidizi kwa saa nne. Wewe utachagua kama abaki ghalani au aende gatini.

Jumanne na Alhamisi utaingia saa mbili na nusu. Ufunguo wa pili nitakaa nao mimi, na nitafungua mwenyewe. Saa hizo hazikatwi kwenye mshahara. Utazifidia jioni siku unazoona zinakufaa, na tutaangalia upya mwisho wa Agosti kama bado unazihitaji.

Tunachokutaka wewe

Hesabu ya mwisho wa mwezi imekuwa ikifanywa kwa siku moja, usiku, kwa haraka, na hiyo ndiyo inayozaa makosa. Tutaiacha. Kila siku ya kazi utahesabu aina 12 tu, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Kwa siku 20 aina zote 240 zitakuwa zimeguswa, na katika wiki nne una siku 24 za kazi, kwa hiyo siku nne zinabaki kwa ajili ya mashua au dharura. Ukikuta tofauti, usiisahihishe kimyakimya. Andika ulichokikuta, andika daftari lilisema nini, na kama unajua sababu iandike pia. Tofauti iliyoandikwa haitakuhesabia kosa katika wiki nne za kwanza. Tofauti iliyofutwa ndiyo itakayonisumbua.

Kwa sababu hiyo, hadi Jumapili, 2 Agosti, lengo ni moja tu: kila aina iwe imehesabiwa mara moja na kuandikwa. Sitaki idadi yoyote ya kupungua. Nataka tujue ukweli wa ghala ulivyo. Hadi 30 Agosti, katika mzunguko wa pili, zisizolingana zisizidi 36. Hadi 27 Septemba zisizidi 24. Sikutaka kuweka sifuri. Nilifungua madaftari ya mwaka wa mwisho wa Mzee Bakari, aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi, na mwezi wake mzuri kabisa ulikuwa na aina 15. Kukutaka wewe umpite katika wiki 12 kungekuwa kukutega.

Kwa mizigo, kila oda iwe na karatasi ya delivari yenye jina la mteja, mtaa, alama inayojulikana karibu na nyumba, na nambari ya simu. Kabla punda hajapakiwa, piga simu moja. Muda wa maongezi utawekwa na duka kila Jumamosi. Makosa yaliyo mikononi mwako yalikuwa saba Juni. Mwezi wa Agosti yasizidi manne, na Septemba yasizidi mawili. Julai hatuhesabu, ni mwezi wa kujifunza. Lori, maji kupwa na mwenye punda hayamo kwenye hesabu yako kamwe, mradi umeniarifu siku hiyo hiyo. Siku za Maulidi pia tunaziweka kando. Mji ukishajaa, hata mkokoteni haupiti Usita wa Mui, sembuse punda wawili wenye nondo.

Saruji ni rahisi kuliko yote. Chaga zikifika, panga mifuko mbali na ukuta, mtu aweze kupitisha mkono, na urefu usizidi mifuko kumi. Andika tarehe ya kufika kwa chaki mbele ya kila safu. Ya zamani itoke kwanza. Baada ya 20 Julai, mfuko usigande kwa sababu ya mpangilio. Ukiona dari linavuja tena, nambie, halitakuwa juu yako.

Kufungua: kwa saa mpya tulizokubaliana, kuchelewa kusizidi mara mbili kwa mwezi. Ukiona utachelewa, nitumie ujumbe kabla ya saa yenyewe, na siku hiyo haitahesabiwa.

Tutakavyokutana

Kila Jumatano saa nane na nusu mchana, dakika 20, ghalani na si ofisini kwangu. Tutaangalia daftari, utaniambia kilichokwama, na nitaandika mistari michache ambayo utaisoma na kuiweka saini au kuipinga. Mapitio makubwa ni matatu: Jumatatu 3 Agosti, Jumatatu 31 Agosti na Jumatatu 28 Septemba. Mimi nikikosa kutimiza ahadi, kwa mfano bati likichelewa wiki moja, malengo yanayotegemea ahadi hiyo yanasogea wiki moja pia. Likizo yako ya mwaka haijaguswa. Ukiichukua katikati, mpango unasimama mpaka urudi.

Mshahara wako haubadiliki katika muda huu.

Baada ya wiki 12

Ukifikia malengo, karatasi hii inafungwa na haitatolewa tena kukukumbusha. Ukifikia mengi na mawili matatu yakabaki karibu, tutaongeza wiki nne kwa yale yaliyobaki tu. Ikiwa hali haijabadilika licha ya msaada kutolewa, tutazungumza kwanza kuhusu kurudi kwenye kazi ya kupeleka mizigo, kama wewe mwenyewe utaitaka. Kuachishwa kazi kunaweza kuwa mojawapo ya matokeo, sitakuficha. Lakini haliamuliwi nami peke yangu kwa siku moja: chini ya kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, utaelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, utakuwa na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua, na hoja zenu zitasikilizwa kabla ya uamuzi.

Maneno ya Athman, kama alivyoyasema na kuyasoma

"Nakubali hesabu za Juni. Saruji minane ni mimi, nilikuwa sijui habari ya ukuta. Kwenye oda saba, moja siikubali: ile ya mabati ya Shela, niliambiwa kwa simu kwamba mteja ameahirisha. Na kuhesabu asubuhi siku za mashua haitawezekana, mashua haingoji."

Nimeangalia simu ya duka. Ujumbe wa mteja wa Shela upo, kwa hiyo oda ni sita, na lengo la Agosti linakuwa matatu kwa makubaliano yake. Siku za mashua kuhesabu kumehamishiwa alasiri, baada ya mzigo kuingia.

Tumetia saini sote wawili leo, 6 Julai 2026, saa kumi na moja jioni. Nakala moja ya Athman, moja ya faili. Mzee Bakari anaanza Jumatano.