Maelekezo ya Kuchunguza na Kukamilisha Ununuzi wa Kiwanja Na. 418, Kitalu F, Nzuguni, Jijini Dodoma

Hamburg, Ujerumani
14 Julai 2025

Kwa Wakili Msomi Bi. Chitema,
Dodoma.

Ndugu Wakili,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kufuatia mazungumzo yetu ya simu, naandika kukupa maelekezo kamili kuhusu kiwanja chenye ukubwa wa mita za mraba 720 ambacho Bw. Yohana Masima anataka kuniuzia kwa shilingi 38,000,000. Barua hii ndiyo itakayoongoza kazi yako, na pale ambapo maneno ya mtu mwingine yeyote, akiwemo kaka yangu Elia, yatapingana nayo, tafadhali fuata barua hii mpaka nikuandikie mimi mwenyewe.

Nianze na jambo linalonipa wasiwasi kuliko yote. Picha ya hati niliyotumiwa inaonyesha jina la marehemu Mzee Masima, baba wa muuzaji, na siyo jina la Yohana. Yohana anasema yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na ametuma Fomu Na. IV ya Mahakama ya Mwanzo. Naomba uende mahakamani ukalione jalada lenyewe, kwani nakala ya simu haitoshi: uthibitishe kwamba uteuzi huo ulifanyika, haujabatilishwa, wala hakuna pingamizi linaloendelea. Pia nataka maoni yako ya maandishi juu ya mamlaka ya mahakama hiyo. Nijuavyo, Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayoongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu, na marehemu alikuwa mzee wa kanisa aliyefunga ndoa ya Kikristo. Ukiona uteuzi unaweza kutenguliwa baadaye kwa sababu hiyo, Yohana afungue upya shauri katika mahakama yenye mamlaka, kwa gharama zake, nasi tutasubiri.

Hata uteuzi ukiwa halali, msimamizi hauzi kama mali yake binafsi. Kwanza aandikishwe kwa Msajili wa Hati kama mwakilishi wa marehemu, ndipo aweze kuhamisha umiliki kwangu. Elia ananiambia marehemu aliacha mjane na watoto watano, mmoja wao yuko Kondoa na hajaonekana kwenye kikao chochote cha ukoo. Nataka mjane na watoto wote wenye umri wa utu uzima watie saini ridhaa mbele yako au mbele ya wakili mwingine aliye karibu nao, wakiwa na vitambulisho vya NIDA, na yule wa Kondoa asihesabiwe kuwa ameridhia kwa sababu tu amekaa kimya. Kama kuna mtoto mdogo, nijulishe kabla ya hatua nyingine yoyote. Muhtasari wa kikao cha ukoo tutaupokea, lakini hauchukui nafasi ya saini hizo.

Kuhusu hati yenyewe, ni ya zamani, iliyotolewa wakati wa CDA, ya miaka 33 kuanzia 2006. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamia Manispaa, ambayo sasa ni Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo upekuzi ufanyike sehemu zote mbili: kwa Msajili wa Hati, ili tujue kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama, na katika jalada la Jiji, ili tujue kama kiwanja hicho hicho hakina barua ya toleo yenye jina la mtu mwingine. Niandikie pia kama hati hiyo imekwisha kubadilishwa kuwa ya miaka 99 au itabadilishwa wakati wa uhamisho, na nani atalipia. Kodi ya pango la ardhi ambayo haijalipwa iwe juu ya muuzaji, na stakabadhi zioneshe kuwa malipo yamefanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali.

Karatasi zikiwa safi, bado kuna ardhi yenyewe. Katika picha za Elia naona mabua ya alizeti yaliyovunwa, bikoni moja tu iliyopakwa rangi nyeupe, na upande wa nyuma tofali za kuchoma zilizopangwa vizuri na kufunikwa kwa nyasi. Mtu hapangi tofali namna ile kwenye kiwanja asichokuwa na mpango nacho. Tafadhali nenda na mpima ardhi aliyesajiliwa, azitafute bikoni zote na kulinganisha na ramani ya upimaji, nawe uwaulize majirani, bila Yohana kuwepo, ni nani amekuwa akilima pale na tofali ni za nani. Mpima aangalie pia kama kiwanja hakijaguswa na hifadhi ya barabara. Kwa mwenyekiti wa mtaa tunahitaji taarifa na utambulisho tu. Sitalipa asilimia yoyote ya bei kwa ofisi yake, maana muhuri wa mtaa haunipi umiliki wa kiwanja kilichopimwa.

Mimi bado ni raia wa Tanzania na nakala ya pasipoti yangu pamoja na namba ya NIDA nimeambatisha. Mume wangu ni Mjerumani, na kwa kuwa sheria haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi kama hii, mkataba na hati viandikwe kwa jina langu peke yangu. Mkataba wa mauziano nitausaini mwenyewe mbele ya afisa wa ubalozi wetu Berlin na kukutumia nakala halisi. Hati ya uwakilishi nitakayokupa itahusu kuwasilisha na kuchukua nyaraka tu. Haitampa mtu yeyote uwezo wa kuuza, kuweka rehani au kupokea fedha kwa niaba yangu.

Fedha zitapita katika akaunti yako ya wateja. Baada ya wewe kuniandikia kwamba mirathi, upekuzi na mipaka viko sawa, na pande zote kusaini, utamlipa muuzaji shilingi 3,800,000 kwenye akaunti ya benki ya mirathi, na siku hiyo hiyo uweke zuio kwa Msajili kulinda maslahi yangu. Shilingi 34,200,000 zilizobaki zisitoke mpaka uhamisho usajiliwe na hati yenye jina langu iwe mkononi mwako. Yohana ameshaomba "kianzio kidogo cha msiba" kupitia simu. Nampa pole, lakini jibu ni hapana, na Elia nimemweleza hivyo hivyo. Kodi ya ongezeko la mtaji italipwa TRA na upande wa muuzaji. Mimi nitagharamia uthamini, ushuru wa stempu na ada za usajili.

Mkataba useme wazi kwamba yasipokamilika haya ndani ya siku 90 tangu kusainiwa, nina haki ya kujitoa na kurudishiwa malipo ya awali yote. Wakitaka kupandisha bei katikati, usijadiliane nao, niandikie.

Naomba taarifa yako ya kwanza, ya mirathi peke yake, ifikapo Ijumaa tarehe 1 Agosti 2025, pamoja na ankara ya ada yako ya hatua hiyo. Upimaji usiuanze kabla sijaisoma, kwa kuwa mirathi ikikwama sina haja ya kumlipa mpima.

Wako mtiifu katika jambo hili,

Tabitha Mlewa
Mnunuzi

Viambatisho: nakala ya pasipoti na namba ya NIDA, picha za hati na Fomu Na. IV kama zilivyotumwa na muuzaji; picha nne za kiwanja.