Faida linganishi: maelezo ya kusoma pamoja na slaidi (kipindi cha 4, Bukavu)

Slaidi ya 1. Wakulima wawili, Mama wa Masisi na Baba wa Kabare. Kila mmoja ana siku 100 za kazi kwa msimu. Gunia la viazi linamgharimu Mama siku 2, la maharagi siku 4. Kwa Baba ni siku 10 na siku 5. Ndiyo, Mama anamshinda kwa vyote viwili. Mfano umepangwa hivyo makusudi: mwanauchumi wa Uingereza David Ricardo naye, mwaka 1817, aliipa Ureno ushindi juu ya Uingereza katika divai na katika kitambaa, na bado biashara ikalipa.

Slaidi ya 2. Hapa ndipo wengi huanguka mtihanini. Wanaona siku 4 za Mama kando ya siku 5 za Baba, wanaandika "Mama alime maharagi". Siku za watu wawili msizilinganishe. Bakini kwa mtu mmoja, muulize gunia moja la maharagi linamnyima viazi kiasi gani. Mama: 4 ÷ 2 = magunia 2. Baba: 5 ÷ 10 = nusu gunia. Hiyo ndiyo gharama mbadala. Ya Baba ni ndogo, basi faida linganishi ya maharagi ni yake, na ya viazi ni ya Mama. Anayegeuza sehemu, akaandika 2 ÷ 4, amepata bei ya viazi kwa maharagi. Hesabu ni sawa, ila jibu ni la swali lingine.

Slaidi ya 3. Kila mtu akijilimia, Mama anatia siku 60 kwenye viazi na 40 kwenye maharagi: magunia 30 na 10. Baba anagawa nusu kwa nusu: viazi 5, maharagi 10. Jumla viazi 35, maharagi 20. Wakijikita kila mmoja kwenye zao lake, viazi 50, maharagi yale yale 20. Magunia 15 yameongezeka, na hakuna aliyeongeza hata siku moja ya jembe.

Slaidi ya 4. Bei lazima ikae kati ya nusu gunia na magunia 2 ya viazi kwa gunia la maharagi. Tuchukue gunia kwa gunia, wabadilishane 10 kwa 10. Mama anabaki na viazi 40 na maharagi 10. Baba 10 na 10. Mama kaongeza 10, Baba 5. Hawakugawana sawa, nadharia haikuahidi hivyo.

Slaidi ya 5. Kati ya Masisi na Kabare kuna lori mpaka Goma, boti juu ya ziwa, wabeba mizigo na bariere. Baba anafaidi nusu gunia tu la viazi kwa kila gunia la maharagi analotoa. Njia ikimla nusu hiyo, arudie viazi vyake 5, hata kama Mama angali anapata.

Zoezi: mbegu mpya inamshusha Baba hadi siku 2.5 kwa gunia la viazi. Nani atauza nini? (Kwa msahihishaji: hakuna. 5 ÷ 2.5 = 2, sawa na Mama.)