Masharti ya Ubora wa Korosho Zilizobanguliwa: Tafsiri ya Waraka wa Mnunuzi kutoka Kivietinamu

Dar es Salaam, 3 Februari 2025

Kwa Katibu na kamati ya ubora ya ushirika, Mbagala

Ndugu Katibu,

Tafsiri ya masharti mliyotumiwa na mnunuzi wa Jiji la Ho Chi Minh ndiyo hii. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni yangu, si ya mnunuzi, na mkisaini hayawabani. Mengine yote ni yake, hata pale ninapodhani kakosea.

Jambo moja kabla hamjasoma. Wavietinamu huandika mkato pale sisi tunapoweka nukta, na nukta pale tunapoweka mkato. Kwenye waraka wao 5,0% ni tano kamili, na kilo 15.876 ni elfu kumi na tano mia nane sabini na sita. Hapa nimezigeuza tarakimu zote ziwe kwa desturi yetu, hivyo mkizilinganisha karatasi mbili mezani msishangae. Mpimaji wenu aliniambia kwenye simu kwamba ile 0,5 ya wadudu aliisoma "sifuri au tano". Ni nusu ya asilimia moja.

SEHEMU YA 1: BIDHAA

1.1 Korosho nyeupe zilizobanguliwa na kumenywa ganda la ndani, ambazo hazijakaangwa wala kutiwa chumvi. Ziwe za msimu mmoja. Kuchanganya na korosho za msimu uliopita ni marufuku.

1.2 Kiasi: kontena moja ya futi 20, katoni 700, uzito halisi kilo 15,876. Mgawanyo: W240 katoni 150, W320 katoni 400, SW320 katoni 100, WS katoni 50.

[Herufi hizi hubaki hivyo hivyo katika kila lugha na ndizo zitakazogongwa kwenye katoni. W ni nyeupe nzima. SW ni nzima iliyobadilika rangi kidogo kwa moto. WS ni nusu nyeupe, yaani korosho iliyoachana kwa urefu wake.]

SEHEMU YA 2: UNYEVU

2.1 Unyevu wa korosho usizidi 5.0% ya uzito.

2.2 Unyevu usipungue 3.0%. Korosho iliyokauka kupita hapo huvunjika safarini, na vipande vitakavyopatikana vitahesabiwa kuwa kasoro ya muuzaji.

2.3 Kipimo kinachotambulika ni cha tanuri: korosho zilizosagwa hukaushwa kwa joto la nyuzi 103, kupungua au kuzidi 2, mpaka uzito usibadilike tena. Mashine ya mkononi itumike kwa ukaguzi wa ndani wa muuzaji tu.

2.4 Katika shehena moja, sampuli yoyote isitofautiane na wastani kwa zaidi ya 0.5, kwenda juu au chini.

2.5 Shehena ikipimwa bandari ya kupokelea na kuonekana imezidi 5.0% lakini haijazidi 5.5%, bei itapunguzwa kwa 1%. Ikizidi 5.5%, mnunuzi ana haki ya kuikataa yote.

[Hapa msomeni polepole. "Usizidi 5.0%" maana yake tano kamili inakubalika. Neno alilotumia ni "isiyopita", si "iliyo chini ya", na kwa Kivietinamu hayo ni maneno mawili tofauti.

Hesabu yenyewe: mkipima gramu 10.00, na baada ya tanuri zikabaki 9.53, zimepotea 0.47, basi unyevu ni 4.7%. Ishikeni hiyo 4.7, tutairudia kwenye Sehemu ya 5.

Kifungu cha 2.4 kinaweza kuwasumbua kuliko 2.1. Korosho ikitoka kwenye kikaushio ina njaa ya maji. Trei ikilala wazi usiku mmoja wa masika hapa Dar, asubuhi hamna tena unyevu mliopima jana. Katoni za Jumatatu na za Alhamisi zinaweza zote kuwa chini ya tano, na bado zikapishana kuliko anavyoruhusu.]

SEHEMU YA 3: UKUBWA

3.1 Idadi ya korosho nzima iwe kama ifuatavyo:

| Daraja | Kwa paundi moja | Kwa kilo moja |
|---|---|---|
| W240 | 220–240 | 458–530 |
| W320 | 300–320 | 660–706 |
| SW320 | 300–320 | 660–706 |

3.2 Korosho za ukubwa wa daraja linalofuata chini zisizidi 5% ya uzito.

[Paundi ni gramu 454, na kilo moja ni paundi 2.2046. Zidisheni 220 kwa 2.2046 mtapata 485, si 458. Naamini mwandishi wao amegeuza tarakimu mbili, kwa sababu mistari mingine inakubaliana na hesabu. Nimeacha 458 kama ilivyo kwenye asili. Mtafsiri hana ruhusa ya kusahihisha mkataba wa watu. Ila ninyi msichambue kwa 458. Korosho 458 kwa kilo ni kubwa kuliko W240, na mtakuwa mnampa mtu korosho za bei ya juu kwa bei ya chini.]

SEHEMU YA 4: KASORO

4.1 Kwa W240 na W320, viwango vya juu kwa uzito ni hivi. Zilizovunjika: 5%. Zilizobadilika rangi kwa moto: 5%. Zenye mabaki ya ganda la ndani: 1%. Zilizoliwa na wadudu: 0.5%. Zenye kuvu, zilizochacha au zenye mafuta ya ganda la nje: 0.5% kwa pamoja. Uchafu usio korosho: 0.01%.

4.2 Jumla ya kasoro zote za 4.1 isizidi 8%.

4.3 Havitavumiliwa kwa kiasi chochote: wadudu walio hai, nywele, vipande vya chuma, kioo, mawe, na vipande vya ganda la nje.

4.4 Kwa SW320, rangi ya maziwa hadi kahawia hafifu inaruhusiwa. Zenye kahawia iliyokolea zisizidi 5%. Mengine ni kama 4.1.

4.5 Kwa WS, vipande vidogo kuliko nusu visizidi 5%.

[Neno walilotumia kwa "ganda la ndani" kwa Kivietinamu ni "ganda la hariri". Ni lile jekundu jembamba ambalo akina mama wa meza ya kumenya hulikwangua kwa kisu. Nisingeandika "ngozi", maana kwenye waraka wa mizigo mtu angeweza kudhani ni kitu kingine kabisa.

"Zilizobadilika rangi kwa moto" limenipa kazi zaidi. Neno lao ni lile lile wanalolitumia kwa madoa meusi yanayotokea usoni kwa jua. Kwa hiyo si "kuungua" kama tunavyosema chakula kimeungua. Ni korosho nzima, tamu, inayolika, ila uso wake umepoteza weupe. Mkiweka "zilizoungua" kwenye ubao wa ukutani, wachambuzi watatupa vikapuni korosho ambazo mngeziuza kama SW.

Na jumla ya 4.2 isiwapite. Mkikaa na 5% ya vipande na 5% ya rangi, kila moja peke yake imo ndani ya kikomo, lakini pamoja ni 10% na katoni imeshindwa. Kama vipande ni 5%, vingine vyote vimebakiwa na 3%.]

SEHEMU YA 5: UFUNGASHAJI

5.1 Kila katoni iwe na mifuko miwili, kila mmoja kilo 11.34, jumla kilo 22.68.

5.2 Hewa ifyonzwe na mfuko ujazwe kabonidioksidi au nitrojeni kabla ya kuzibwa. Unyevu wakati wa kuziba usizidi 4.5%.

5.3 Katoni iandikwe daraja, uzito halisi, nchi ya asili, namba ya fungu na tarehe ya kufunga. Pini za chuma zisitumike.

[Sasa ile 4.7%. Kwa 2.1 imepita. Kwa 5.2 imeshindwa. Huenda mnunuzi anataka nafasi ya nusu asilimia kwa ajili ya safari, au huenda 5.2 imenakiliwa kutoka mkataba mwingine. Asili haisemi, nami siwezi kuchagua kwa niaba yenu. Mpaka ajibu, kausheni kwa 4.5%, hapo hakuna kifungu mnachovunja, mradi msishuke chini ya 3.0%.]

SEHEMU YA 6: SAMPULI NA USALAMA

6.1 Katoni za kufunguliwa ni kipeuo cha pili cha idadi yote, kikikamilishwa kwenda juu. Kwa katoni 700 ni katoni 27, zichaguliwe bila mpangilio.

6.2 Sumukuvu: aina ya B1 isizidi mikrogramu 2 kwa kilo, na jumla ya aina zote isizidi mikrogramu 4 kwa kilo. Cheti kitoke maabara yenye ithibati.

6.3 Kontena ifukizwe dawa ya fosfini kabla ya kupakiwa melini na cheti kiambatishwe.

[Viwango vya 6.2 ndivyo vya Umoja wa Ulaya kwa korosho zilizo tayari kuliwa. Huenda mzigo utafungashwa upya na kupelekwa huko.]

SEHEMU YA 7: NYARAKA NA MGOGORO

7.1 Muuzaji atatoa cheti cha usafi wa mimea, cheti cha asili, cheti cha ufukizaji, matokeo ya maabara na orodha ya katoni.

7.2 Malalamiko ya ubora yapelekwe ndani ya siku 14 tangu kontena kufunguliwa, pamoja na picha na sampuli iliyozibwa kwa lakiri.

7.3 Pande mbili zisipokubaliana, sampuli itapimwa na mkaguzi huru. Gharama italipwa na upande utakaoonekana hauna haki.

[Cheti cha usafi wa mimea mtakipata TPHPA na cha asili TCCIA. Kifungu cha 7.2 hakisemi sampuli inatunzwa na nani. Wekeni yenu ghalani, imezibwa, kutoka kila fungu.]

Ndugu Katibu, nimeandaa barua fupi ya Kivietinamu ya kumpelekea mnunuzi kabla hamjasaini. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Tumepokea masharti yenu, asante. Tunaomba mtuthibitishie kwa maandishi mambo matatu. Kwanza, kikomo cha unyevu ni 5.0% kama kilivyo kifungu cha 2.1 au 4.5% kama kilivyo 5.2, na kinapimwa wapi, kiwandani kwetu au bandarini kwenu? Pili, kwa W240, idadi ya chini kwa kilo ni 485 badala ya 458? Tatu, sampuli ya marejeo itatunzwa na nani, na kwa muda gani?"

Mkiikubali nitaituma leo jioni. Kwao jua hutangulia kwa saa nne, kwa hiyo jibu msilitegemee kabla ya kesho.

Mtafsiri,
Kurasini