Usuluhisho wa benki, Mei 2025

Mdogo wangu,

Leo niko stoo Gerezani mpaka saa tisa, kwa hiyo usuluhisho wa Mei utauanza mwenyewe. Chukua taarifa ya benki, daftari la fedha, faili la vocha na usuluhisho wa Aprili. Huo wa Aprili usiuache: hundi zilizokuwa hazijalipwa wakati ule lazima uzitafute sasa.

Tarehe 31 Mei daftari letu lina 8,642,000, benki inasema 9,315,500. Usishtuke. Na kumbuka kwao ni kinyume chetu: fedha ikiingia, sisi tunaandika debiti, wao krediti, maana ni deni lao kwetu.

Shika penseli. Kila kiasi kilichopo pande zote mbili, kitie tiki huku na huku. Usitazame kiasi peke yake, angalia na namba ya hundi, kwa sababu kodi ya stoo na kodi ya duka ni sawasawa. Vitakavyobaki bila tiki ndiyo kazi yenyewe.

Vilivyo benki tu viingize daftarini: toa makato 18,500, toa hundi ya mteja iliyorudi 480,000, jumlisha 360,000 alizoweka fundi wa Mbagala moja kwa moja. Inakuwa 8,503,500. Mwenye hundi iliyorudi mrudishe kwenye wadaiwa leo hii.

Vilivyo daftarini tu vinasubiri benki, usiviandike upya. Kwenye salio la benki jumlisha mauzo ya Jumamosi, 1,240,000, yaliyopelekwa Jumatatu tarehe 2 Juni. Stakabadhi ya benki uione kwa macho yako, usikubali maneno ya mtu. Kisha toa hundi 417 ya 1,450,000 na 421 ya 620,000. Unapata 8,485,500.

Bado 18,000 zinapishana. Hapa usiandike "marekebisho" ukafunga. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifunga hivyo kwa shilingi 2,000 tu, kumbe nyuma yake kulikuwa na makosa mawili makubwa yaliyofunikana: mapato yaliyorukwa na malipo yaliyorukwa pia. Tuliyagundua miezi minne baadaye, na mweka hazina ndiye aliyeulizwa, si mimi. Sijasahau.

Gawanya tofauti kwa 9. Isipobaki kitu, mara nyingi tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Fungua vocha ya kirikuu ya tarehe 14: vocha na benki ni 64,000, daftari lina 46,000. Usifute. Kata kwa mstari mmoja, andika kiasi sahihi juu yake, tia saini ndogo pembeni. Ukitoa hizo 18,000, daftari nalo linasoma 8,485,500.

Andaa taarifa, weka jina, saini na tarehe, uniachie nafasi ya kuhakiki. Hundi 417 ilikuwemo pia kwenye orodha ya Aprili. Mpigie aliyepewa, umuulize kama bado anayo mkononi.