Ombi la kubadilisha mstari mmoja kwenye prufu ya lebo ya asali

Section 58, Nakuru
Jumanne, 10 Machi 2026

Kwa Ndugu Njoroge,
Duka la uchapaji, Barabara ya Kenyatta,
Nakuru

Ndugu Njoroge,

KUH: LEBO 3,000 ZA CHUPA YA ASALI, GRAMU 500

Salamu kwako na kwa vijana wote wa hapo. Prufu ya lebo hizi niliitia sahihi Ijumaa nikiwa kaunta kwako, na kazi yenu ilinifurahisha. Leo naomba mstari mmoja ubadilishwe kabla kazi haijapanda mashine. Ikiwa imeshapanda, tafadhali isimamishwe uonapo barua hii, halafu unipigie simu tujue pa kuanzia.

Mstari wenyewe uko sehemu ya mbele, chini ya jina la biashara na juu ya picha ya nyuki. Kwenye prufu unasomeka hivi:

Asali mbichi ya Baringo

Nataka usomeke hivi:

Asali mbichi ya Baringo na Pokot Magharibi

Sababu ni hii. Asali yangu imekuwa ikitoka kwa wafugaji wa nyuki wa Koriema na Marigat. Msimu huu migunga ya huko haikuchanua vizuri, na jana jioni walinipigia kuniambia kwamba ndoo nilizokuwa nikizitegemea hazitafika zote. Pengo hilo nalijaza kwa asali ya wafugaji wa Pokot Magharibi, ambao nimewahi kununua kwao na naijua kazi yao: hawachemshi, hawatii sukari, na masega mabichi hawayavuni. Asali hizo mbili zitachanganywa kwenye pipa moja kabla ya kujaza chupa, kwa hiyo hakutakuwa na chupa hata moja ya Baringo tupu.

Najua wapo watakaosema Pokot na Baringo ni majirani, nani atajua. Mimi nitajua. Na mteja anayenunua asali kwa jina la mahali ananiamini kwa jambo asiloweza kulipima mwenyewe akiwa dukani. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, nayo inakataza lebo inayompotosha mnunuzi, lakini hata kama isingekuwepo nisingeweza kuipeleka chupa hiyo sokoni. Tena yule mfugaji wa Pokot amepanda mtini usiku na moshi mkononi kama mwenzake wa Baringo. Jasho lake haliwezi kuingia kwenye chupa halafu jina la kwao likaachwa nje.

Nilifikiria kuandika tu “Asali mbichi ya Kenya”, maana ni fupi na ingekuokolea kazi. Nimeikataa. Maneno “Bidhaa ya Kenya” yameshawekwa chini nyuma ya lebo, na wateja wangu wa hapa mjini huuliza asali imetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Kubandika kistika juu ya lebo iliyokwisha chapwa pia sitaki. Mtu akiona kistika kwenye chupa ya asali, jambo la kwanza ni kukikwangua kwa ukucha aone kilichofichwa.

Sasa upande wa kazi. Mstari mpya ni mrefu, na hapo ndipo ninapoomba uangalifu wa yule kijana wa usanifu. Sehemu ya mbele ina upana wa milimita 90. Kwa saizi iliyopo ya pointi 11 naona maneno yataingia, lakini yatakaribia kingo. Yakibana, shusheni hadi pointi 10, msishuke zaidi. Herufi zisibanwe kwa kupunguzwa upana, kwa sababu zitaonekana tofauti na mistari mingine. Mstari pia usikatwe mara mbili, kwa kuwa ukikatwa utamsukuma nyuki chini, naye nyuki akishuka ataingia kwenye maneno ya uzito halisi.

Upande wa kulia jihadharini na msimbopau. Ile nafasi nyeupe inayouzunguka, kama milimita 4 kushoto kwake, isiguswe na herufi wala rangi yoyote. Ikiliwa hata kidogo, mashine ya supamaketi inaweza kukataa kuusoma, na chupa zikirudishwa kwa sababu hiyo hasara ni yangu yote. Mlipoiweka mara ya kwanza mliiweka sawasawa, kwa hiyo naomba tu ibaki ilivyo.

Tafadhali mabadiliko yafanywe kwenye faili lenu la awali, si kwenye ile PDF mliyonitumia. Mle ndani ya PDF herufi zilishageuzwa kuwa maumbo, na mtu akijaribu kuandika upya juu yake atalazimika kutafuta fonti inayokaribiana tu. Maneno mapya yachukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe hii, yasichapwe upya kwa mkono. Na faili jipya lipewe jina lake, kwa mfano `lebo_asali_500g_v4.pdf`, lile la zamani liondolewe kwenye folda ya kazi zinazosubiri mashine. Fundi wa zamu ya usiku hana namna ya kujua tulichozungumza mchana.

Mengine yote yabaki kama nilivyoyaidhinisha: rangi, uzito, alama ya KEBS na nambari ya kibali, nafasi ya nambari ya bechi na tarehe. Lile onyo kwamba asali isipewe mtoto wa chini ya miezi 12 lisiguswe kabisa. Hilo ni jambo la uhai.

Kuhusu gharama, mstari huu ni wa wino mweusi mtupu, haukuchanganywa na rangi nyingine. Kwa hiyo kama pleti zimeshatengenezwa, nadhani ni ile ya nyeusi pekee itakayorudiwa, zile tatu za rangi zibaki zilivyo. Pleti hiyo nitailipia mimi pamoja na muda wa msanifu, kwa sababu mabadiliko yametoka kwangu baada ya sahihi. Nitumie bei yake kwa maandishi, nami nitalipa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, mbali na arubuni niliyokwisha kutoa. Kama kuna karatasi zilizokwisha chapwa, niambie ni ngapi tuzungumze. Sitakuachia mzigo huo peke yako, ila naomba lebo hizo zisikatwe wala kupelekwa popote.

Kabla ya kuchapa, nitumie prufu mpya. Ya PDF inatosha kwa maneno, lakini ningependa pia moja ya karatasi, iliyokatwa kwa ukubwa wake halisi, niizungushie chupa nione mstari unavyokaa kwenye mviringo. Nitapita kuichukua mwenyewe. Mpaka nitakapotia sahihi hiyo ya pili, ile ya Ijumaa isihesabiwe kuwa ruhusa ya kuchapa.

Chupa nimepanga kuzijaza wiki ijayo, Alhamisi. Ukiona lebo haziwezi kuwa tayari kufikia Jumatano, niambie mapema nisogeze siku ya kujaza. Afadhali asali ikae kwenye pipa siku chache zaidi kuliko kazi iharakishwe.

Nasubiri simu yako.

Wako,
Chebet
Mwenye biashara ya asali, Section 58