Vivuli viwili, Kigamboni

Miezi minane ya meseji, na leo ndiyo nimejua urefu wake. Kwenye simu mtu hana urefu, ana kidevu na dari ya chumba.

Haya, picha ni nne na sura hamna. Msihangaike kuzivuta kwa vidole, nimeshazivuta mwenyewe kabla ya kuziweka: hata kwenye vioo vya miwani hakuna mtu.

Ya kwanza, vivuli. Imepigwa saa kumi na moja jioni ufukweni Kigamboni, jua mgongoni na bahari mbele, ndiyo maana vimerefuka kiasi kile. Saa sita mchana isingetoka kitu, kivuli cha Dar saa hizo kinajificha chini ya kandambili. Aliyeinama ni mimi. Nilikuwa natoa mchanga kwenye kiatu, si kwamba naona aibu. (Na aibu pia, basi.)

Ya pili ni Sanamu ya Askari pale Posta, imesimama tangu 1927 na leo imetushuhudia sisi. Tulipangana hapo saa nne asubuhi kwa sababu watu ni wengi, kweupe, na ukitaka kuondoka unaondoka zako bila kuomba lifti ya mtu. Simu ya video tulishapigiana mara nyingi, kwa hiyo sura haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba tuliandikiana "kwenye sanamu" tukaishia hapo. Sanamu yenyewe iko katikati ya kiplefti, magari yanaizunguka, na kila pembe kuna mtu kasimama na simu mkononi. Robo saa nzima huyu anaandika "nimefika", yule anaandika "mbona sikuoni", na kati yetu ni askari wa shaba tu. Mnaopangana pale, tajeni upande: singe ya bunduki inakoelekea, yaani bandarini. Hapo hampotezani.

Ya tatu ndiyo niipendayo. Mikono miwili kwenye chuma cha pantoni, na katikati pana nafasi ya kiganja kimoja. Nafasi hiyo iacheni kama ilivyo.

Wenye haya wenzangu, pantoni ni bora kuliko mgahawa, nawaambia. Mgahawani mnakaa mnatazamana, meza ndogo, chakula kinachelewa, huna pa kupeleka macho. Na kwenye simu ukikaa kimya unasingizia mtandao. Ana kwa ana utasingizia nini? Pantoni mnasimama ubavu kwa ubavu, wote mnatazama maji. Ukiishiwa maneno kuna meli inaingia bandarini, kuna mama kabeba ndoo ya samaki anaomba njia, kuna bajaji inapiga honi utadhani itaruka mbele ya magari. Mazungumzo yanajiendesha. Nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200, kila mtu kalipa yake. Safari yenyewe ni dakika chache tu, lango likishuka umati unawasukuma nje, na mkifika ng'ambo ile salamu nzito ya mwanzo imeshapita bila mtu kuiona ikipita.

Jambo moja nitalisema, halafu nanyamaza. Sauti yake ni nzito kuliko ya kwenye voisi noti. Spika ya simu ni ndogo, besi yote inabaki huko ndani. Mara ya kwanza aliposema "umependeza" niligeuka nyuma kuangalia nani kaongea.

Ya nne ni mihogo ya kuchoma, chumvi, ndimu na pilipili. Sahani ni moja kwa sababu muuzaji hakuuliza, katuletea moja. Upande wenye pilipili nyingi ni wangu. Upande ule mwingine ni wa mtu aliyesema "mimi pilipili naimudu", akanywa madafu mawili kwa mpigo.

Nimeziweka usiku, kila mtu yuko kwao na amefika salama. Tukiwa kule kule nisingeweka, nawajua ninyi, mngepanda pantoni. Dada yangu, uliyepigiwa saa saba na saa kumi na mbili kuambiwa tu "niko sawa", asante kwa kutouliza la zaidi.

Mashosti, neno shemeji bado, lisubiri kidogo. Jina, kazi na mkoa siandiki, na mkibahatisha kwenye komenti nafuta. Anayetaka kujua mihogo ilikuwa bei gani, huyo nitamjibu.